Seva tumehamisha, wateja wamebaki kule kule: kisa cha duka moja la mtandaoni na rekodi mbili za DNS

Hiki kisa ni cha kweli, nilikuwemo. Majina nimetoa, na anwani zote za namba nimebadilisha. Jina la duka nitaandika example.com kwa sababu hilo jina limetengwa makusudi kwa ajili ya mifano, kwa hiyo usijaribu kununua kitu huko.

## Hali ilivyokuwa

Kulikuwa na duka dogo la mtandaoni, lina mwenye mali, lina dada mmoja wa kupokea oda, na lina developa mmoja ambaye anafanya kila kitu kingine. Duka lilikaa kwenye seva ya zamani yenye anwani 192.0.2.10, seva imechoka, diski inajaa kila wiki, wakaamua kuhamia seva mpya yenye anwani 203.0.113.25. Siku iliyochaguliwa ni Jumamosi usiku, maana oda zinakuwa chache.

Developa alijiandaa vizuri tu kwa macho. Alinakili faili zote, akanakili database, akafungua seva mpya kwenye brauza yake akaona duka linafanya kazi, picha zipo, malipo yanapita. Kwenye orodha yake jambo la mwisho lilikuwa mstari mmoja: "badilisha DNS, zima seva ya zamani". Yaani mambo mawili kayaandika kama jambo moja, na shida yote ya usiku ule ilikaa hapo katikati.

## Kwanza ujue jina linavyogeuka namba

Ukiandika https://example.com/viatu kwenye brauza, ile sehemu ya /viatu haihusiki kabisa kwenye kutafuta anwani, wala ile https. Brauza inachomoa jina tu, example.com, halafu inajiuliza hili jina lipo kwenye mashine gani, kwa sababu mtandao haujui kupeleka data kwa jina, unajua namba. Mfumo wa kugeuza jina kuwa namba ndo unaitwa DNS.

Inaanza kuuliza karibu. Inaangalia kumbukumbu yake yenyewe, kama ilishauliza dakika chache nyuma basi inatumia jibu lile lile. Kama haina inauliza mfumo wa kompyuta, na mfumo kabla ya kutoka nje unaangalia faili moja ya zamani sana inaitwa hosts, ambayo ni orodha ya namba na majina iliyoandikwa kwa mkono. Hii faili ina historia yake: kabla ya DNS kubuniwa mwaka 1983 mtandao mzima ulikuwa unaishi kwa orodha moja ya namna hiyo, HOSTS.TXT, watu wanaivuta kutoka sehemu moja. Mashine zilipoongezeka ikashindikana, ndo Paul Mockapetris akabuni DNS. Lakini faili imebaki kwenye kompyuta zetu hadi leo, na bado inasikilizwa kabla ya DNS. Kumbuka hilo, litarudi.

Hosts ikiwa haina kitu, swali linaenda kwa resolva. Resolva ni seva ambayo kazi yake ni kukutafutia, mara nyingi ni ya kampuni inayokupa intaneti, au ile ya wazi kama 8.8.8.8. Sasa resolva ndo mwenye kutembea. Inasoma jina kutoka kulia kwenda kushoto. Inaenda kwa seva za mzizi, zile zenye majina 13 kuanzia a.root-servers.net hadi m.root-servers.net, inauliza example.com iko wapi, mzizi unajibu mimi sijui ila wenye com ni hawa hapa. Inaenda kwa wenye com, nao wanasema sisi hatujui anwani ila wanaoshika rekodi za example.com ni hawa. Inaenda kwa hao wa tatu, na hao ndo wanatoa jibu lenyewe: 192.0.2.10.

Hakuna mtu hata mmoja kwenye huo msururu anayejua kila kitu. Kila mmoja anamjua anayefuata tu.

Safari hiyo ikifanyika kila mtu anapobonyeza kitu ingekuwa balaa, kwa hiyo resolva inahifadhi jibu, na muda wa kulihifadhi hajipangii yeye, anapewa na mwenye rekodi. Huo muda unaitwa TTL na unahesabiwa kwa sekunde. Rekodi ya duka letu ilikuwa na TTL ya 86400, ambayo ni saa 24 kamili. Hakuna aliyeichagua, ndo ilivyokuja na mfumo wa hostingi siku domeini ilipofunguliwa na hakuna aliyewahi kuigusa.

## Usiku wenyewe

Saa 3 usiku developa akaingia kwenye paneli akabadilisha rekodi ya A, ile inayoshika anwani ya duka, kutoka 192.0.2.10 kwenda 203.0.113.25. Akafungua duka kwenye laptopu yake, seva mpya inajibu. Akasubiri saa moja na nusu kwa tahadhari, akafungua tena, safi. Saa 4 na nusu akazima seva ya zamani akaenda kuoga.

Kabla hajamaliza kuoga simu zikaanza. Dada wa oda anasema kwake duka halifunguki. Mwenye duka kwake linafunguka. Mteja mmoja anasema kwenye simu halifunguki lakini kwenye kompyuta ya kazini linafunguka. Developa anajibu kila mtu maneno yale yale, "kwangu inafanya kazi", na alikuwa anasema ukweli.

Saa 5 akaona labda TTL ndo tatizo, akaishusha kutoka 86400 hadi 300. Haikusaidia. Saa 5 na robo akanipigia.

Nilipofika mezani kwake (tuko jirani) jambo la kwanza nilimwambia aulize resolva ya intaneti yake moja kwa moja kwa dig, amri ya kuuliza DNS:

```
$ dig example.com A +noall +answer
example.com.   61200   IN   A   192.0.2.10
```

Akashtuka. Brauza inamfungulia seva mpya, dig inampa anwani ya zamani, laptopu ni hiyo hiyo moja. Nikamuuliza, "Hivi ulivyokuwa unajaribu seva mpya wiki hii kabla hujabadilisha DNS, ulijaribuje?" Akanyamaza kidogo halafu akafungua faili ya hosts:

```
203.0.113.25   example.com www.example.com
```

Basi. Huo mstari aliuweka Jumatano ili aione seva mpya kwa jina halisi, ni njia sahihi kabisa ya kujaribu, ila hakuutoa. Brauza inasoma hosts, dig haisomi, inaenda DNS moja kwa moja. Kwa hiyo ile saa moja na nusu ya kusubiri kwa tahadhari alikuwa anaangalia faili yake mwenyewe, hata angesubiri mwezi angeona safi tu.

Sasa angalia ile namba 61200. Ukiuliza resolva, TTL anayokupa siyo ile ya mwanzo, ni iliyobaki. Chukua 86400 toa 61200 unabaki na 25200, ambayo ni saa 7. Tuliuliza saa 5:40 usiku, maana yake resolva ile ilichukua jibu saa 10:40 jioni, kabla ya mabadiliko, na itaendelea kulitoa hadi saa 10:40 jioni ya Jumapili bila kurudi kuuliza mtu. Resolva nyingine ambayo haikuwa na jibu lolote usiku ule, mteja wa kwanza alipouliza ilitembea safari nzima ikapata anwani mpya. Ndo maana simu inakataa na kompyuta ya kazini inakubali: ni resolva mbili tofauti zilizouliza saa tofauti.

Ukiwauliza wenye rekodi moja kwa moja, kwa kuweka @ na jina la seva yao kwenye dig, unapata anwani mpya na TTL inakuja nzima kila ukiuliza, haipungui. Hiyo ndo njia ya haraka ya kujua nani ana makosa. Mwenye rekodi akitoa jibu jipya na resolva akatoa la zamani lenye TTL inayopungua, basi hakuna kilichoharibika, ni muda tu haujaisha.

Na ile 300 aliyoweka saa 5? Ilikuwa kwenye jibu jipya. Resolva yenye jibu la zamani haijui kuwa kuna 300, ina karatasi yake imeandikwa saa 24 na hairudi hadi ziishe.

## Tulichoamua na kwa nini

Developa wazo lake lilikuwa kuhamisha domeini yote iende kwa wenye rekodi wengine, "labda wao wanasambaza haraka". Nilimkatalia palepale. Hakuna anayesambaza kitu, hili neno "kusambaa" linawadanganya watu wengi, DNS haisukumi mabadiliko kwa mtu, ni resolva zinazokuja kuuliza zikimaliza muda wao. Halafu ule uelekezo unaotolewa na seva za com una TTL ya 172800, siku mbili. Angeongeza siku mbili za vurugu juu ya moja.

Resolva kubwa mbili tatu za wazi zina ukurasa wa kufuta jibu la jina fulani kwenye kumbukumbu zao, tukafuta huko. Ikasaidia wachache. Resolva za kampuni za intaneti huna mlango wa kuingilia.

Kilichobaki ni kukubali kwamba hadi saa 3 usiku ya Jumapili kuna watu watakuja 192.0.2.10 tupende tusipende, kwa hiyo pale lazima pawe na mtu wa kuwapokea. Tukawasha seva ya zamani, lakini siyo kama duka. Tukaifanya iwe mlinzi wa geti, kila anayekuja inampeleka seva mpya kimya kimya, kwa mistari hii ya nginx:

```
location / {
    proxy_pass https://203.0.113.25;
    proxy_set_header Host $host;
    proxy_ssl_server_name on;
    proxy_ssl_name $host;
}
```

Angalia kwamba kwenye proxy_pass tumeweka namba, siyo jina. Ukiweka jina, seva ya zamani nayo inauliza resolva yake, na kama resolva hiyo bado ina jibu la zamani inajitumia maombi yenyewe kwa yenyewe mpaka ianguke. Ile mistari miwili ya chini ni ili seva mpya ijue tunataka cheti cha jina gani, bila hiyo jina halitumwi kabisa maana tumeita kwa namba.

Saa 6 na dakika 10 usiku dada wa oda akasema kwake linafunguka. Saa 6 na nusu likakataa tena, tukahangaika robo saa, kumbe seva mpya ilikuwa na kizuizi cha maombi mengi kutoka anwani moja, na sasa wateja wote wa zamani walionekana kama mtu mmoja, yaani seva ya zamani. Tukaiweka kwenye orodha ya kuaminika, ikaisha.

Zile oda zilizoingia seva ya zamani kati ya saa 3 na saa 4 na nusu zilikuwa 14. Kwa saa moja na nusu hiyo duka lilikuwa linauza sehemu mbili kwa wakati mmoja, kila sehemu na database yake, na namba za oda zinaendelea kutoka pale pale, kwa hiyo kulikuwa na oda mbili zenye namba moja za wateja wawili tofauti. Dada wa oda alizihamisha moja moja kwa mkono Jumapili mchana. Kwangu mimi hii ndo hasara kubwa ya kisa hiki kuliko hata duka kuzimika, maana duka likizimika unaona, oda ikiingia kwenye database unayotaka kuifuta huoni.

## Jumatatu: bado wanakuja

Kwa hesabu yetu ilipofika saa 3 usiku ya Jumapili seva ya zamani ilitakiwa kuwa karibu tupu. Jumatatu saa 3 asubuhi nikafungua logi za yule mlinzi wa geti, saa 36 zimepita, na watu bado wanapita, siyo wachache.

Nilichofikiria kwanza ni resolva zisizoheshimu TTL. Zipo, kuna zinazoshikilia jibu kuliko zilivyoambiwa, lakini huwa ni mabaki, siyo mkondo kama ule. Halafu nikaangalia safu ya anwani za wageni kwenye logi. Zote, kila mstari, zilikuwa ndefu zenye nukta pacha, za IPv6. Hakuna hata moja ya kawaida yenye namba nne fupi fupi.

```
$ dig example.com AAAA +noall +answer
example.com.   41873   IN   AAAA   2001:db8::10
```

Jina moja linaweza kuwa na anwani za aina mbili, ya IPv4 kwenye rekodi ya A na ya IPv6 kwenye rekodi ya AAAA. Seva ya zamani ilikuwa nazo zote mbili, hostingi iliweka yenyewe siku ya kwanza. Seva mpya ina IPv4 tu. Developa alibadilisha A, na AAAA iko mstari mwingine kwenye paneli, chini kabisa, hakuiona. Na mimi je? Mimi nilikaa pale usiku mzima napiga dig, na dig usipoitajia aina inauliza A, na hata nilipotaja nilitaja A. Kwa hiyo siwezi kumcheka mtu.

Kifaa kikiwa na IPv6 brauza inauliza aina zote mbili na kwa kawaida inapendelea IPv6. Sasa hapa kuna kitu kilinichanganya kidogo: kama AAAA ilikuwa bado inaelekea seva ya zamani, mbona Jumamosi ilipozimwa mwenye duka, ambaye simu yake ina IPv6, aliendelea kufungua vizuri? Kwa sababu brauza ikiona IPv6 haijibu haikai kusubiri, inajaribu IPv4 sekunde hiyo hiyo, na yeye IPv4 yake tayari ilikuwa mpya. Seva ilivyozimwa ilificha kosa, tulipoiwasha tena tukawarudisha watu wa IPv6 kupita kwa mlinzi bila kujua. Ingekuwa tumeiwasha kama duka la kawaida badala ya mlinzi wa geti, wale wote wangeendelea kununua kwenye database ya zamani siku mbili nzima.

Tukafuta rekodi ya AAAA Jumatatu saa 4 asubuhi. Na unajua nini, TTL yake ilikuwa 86400 ile ile, maana ile 300 aliiweka kwenye A peke yake. Tukasubiri tena saa 24.

## Iliishaje

Jumanne saa 5 asubuhi logi zilikuwa zimebaki na roboti wawili watatu wanaopita kwa namba bila kuuliza jina. Tuliacha mlinzi hadi Ijumaa, tukazima. Oda zote 14 zilipatikana, mbili zilichelewa kutumwa siku moja.

## Nikiangalia nyuma

Kitu kilichotuokoa ni kuacha kupigana na kumbukumbu za watu wengine na kuweka mtu wa kuwapokea pale wanapokwenda. Tungeweza kuifanya kabla hata ya kugusa DNS: mlinzi wa geti unamwasha kwanza, unahakikisha anapeleka, ndo unabadilisha rekodi. Ukifanya hivyo database ni moja tangu dakika ya kwanza na hakuna oda inayopotea, hata TTL iwe ya wiki.

Kushusha TTL nako kunafaa ila kuna mpangilio wake ambao watu wanaugeuza. Unaishusha angalau TTL moja nzima kabla ya kuhama. Kwetu ingekuwa Ijumaa kabla ya saa 3 usiku, ili kufikia Jumamosi saa 3 kila resolva iwe imeshamaliza lile jibu la saa 24 na kupewa la dakika 5. Hapo ukibadilisha, baada ya dakika 5 karibu wote wamehama. Ukishusha siku ya kuhama umeshachelewa, kama developa wetu saa 5 usiku.

Na kabla ya kuhama andika rekodi zote za jina, zote, usiangalie ile unayoijua tu. Nilichofeli mimi ni kwamba niliamini A ndo anwani, wakati kwa simu nyingi za siku hizi anwani ya kwanza kuulizwa inaweza isiwe hiyo.

Kuhusu kupima, kitu pekee kilichosema ukweli wote kilikuwa logi za seva ya zamani. Brauza yako inakuonyesha unavyoona wewe, dig inakuonyesha resolva moja, lakini logi zinakuonyesha nani bado anakuja. Seva ya zamani inazimwa logi zikitulia, siyo saa ikifika.

Wiki kama 6 baadaye developa alinipigia usiku tena, sauti ile ile, duka limekufa. Walikuwa wamebadilisha anwani ya seva mpya, safari hii wakafuata utaratibu wote, na wateja walikuwa wananunua kama kawaida. Nikamwambia afungue hosts. Mstari ulikuwa bado upo.